Tiketi zilizo… nini? Vitufe vya Kiswahili vinapotoka nje ya mipaka

*Assalaam alaykum Maalim. Nipo Wete, natengeneza tovuti ya wakala wa tiketi za boti. Kwa Kiingereza kila kitu kilikaa mahali pake. Nilipoingiza Kiswahili, maneno yanatoka nje ya vitufe, menyu ya chini imejaa nukta tatu, na nikipunguza fonti mteja analalamika kwamba hasomi. Nimekutumia CSS yangu na picha za skrini. Nifupishe maneno au nibadilishe muundo?*

Waalaykum salaam. Yote mawili, lakini kwa utaratibu wake: anza na maneno, kisha kisanduku kinachoyabeba. Fonti iache ilivyokuwa. Mteja wako ana haki ya kulalamika. Mimi mwenyewe niliwahi kushusha maandishi hadi pikseli 10 ili menyu ya nyumba moja ya wageni ikae kwenye mstari mmoja, nikajiona fundi. Wiki ile ile mwenye nyumba akanipigia kuuliza kwa nini wageni wanamuuliza kwa simu mambo ambayo yameandikwa kwenye tovuti. Yalikuwa yameandikwa, ila hakuna aliyeyaona.

Tuanze na vitufe viwili vya chini ya ukurasa wa malipo, kwa sababu humo umo ugonjwa wote. CSS yako inasema hivi:

```css
.kitufe {
  width: 156px;
  height: 40px;
  padding: 0 16px;
  white-space: nowrap;
}
```

Kwa Kiingereza uliandika "Cancel booking" na "Confirm payment". Fonti yako ni pikseli 16, na kwa ukubwa huo herufi moja, tukichanganya nyembamba na nene, hula kama pikseli 8. Hayo ni makisio tu, lakini yanatosha kwa kazi hii. "Confirm payment" ina herufi 15 pamoja na nafasi, yaani pikseli 120. Ongeza `padding` ya 16 kila upande, unapata 152. Kitufe chako kina 156. Umeona ulivyopona? Umepona kwa pikseli 4. Muundo wako haukuwa mzima hata kwa Kiingereza. Ulikuwa umekatwa kama kanzu iliyopimwa kwenye mwili wa mtu mmoja, na sasa unamvisha mwengine.

Kwa Kiswahili umeweka "Ghairi uhifadhi wa nafasi" na "Thibitisha malipo ya tiketi". Hiyo ya pili ina herufi 27, yaani pikseli 216, na ndani ya kitufe zimebaki 124 tu. Pikseli 92 hazina pa kukaa, na kwa kuwa umeandika `nowrap`, umeyakataza maneno yasishuke mstari wa pili. Basi yanatokea ubavuni.

Kabla hujagusa CSS, tazama maneno yenyewe. Watu husema Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza, na kwenye vitufe mara nyingi ndivyo kinavyoonekana, lakini sababu kubwa ni namna tunavyotafsiri. Kiingereza kinaweza kubandika nomino juu ya nomino bila gundi. Sisi tunahitaji "wa", "ya", "za" katikati, na kila moja inakuja na nafasi zake mbili. Kwa hiyo mfasiri anayefuata nomino kwa nomino lazima arefuke. Pia ana tabia ya kugeuza kitendo kuwa jina: "book" inakuwa "uhifadhi wa nafasi", wakati hapa kwetu hakuna abiria anayehifadhi nafasi ya boti. Anakata tiketi.

Nguvu ya Kiswahili imo kwenye kitenzi. Amri zetu tupu ni fupi sana: lipa, futa, rudi, tuma, tafuta, hariri, pakua. Na mnyambuliko unafanya kazi ambayo Kiingereza kinaipa neno zima. "Lipia tiketi" ina herufi 12, na ile "-ia" imeshabeba "kwa ajili ya". "Nitumie tiketi" ina herufi 14, wakati "Send me the ticket" ina 18. "Jisajili" haihitaji "akaunti" nyuma yake. Ukitafsiri kitendo kwa kitendo, mara nyingine utaishia na maneno mafupi kuliko ya awali, na "Arifa" yako dhidi ya "Notifications" ni ushahidi uliopo kwenye skrini yako mwenyewe.

Kwa hiyo kitufe cha malipo kiwe "Lipia tiketi". Nimeangalia ukurasa wako: mtu akikibonyeza, ombi la malipo linakwenda kwenye simu yake. Basi neno "lipia" ni la kweli. Kama kingekuwa kinathibitisha tu majina ya abiria na malipo yako ukurasa unaofuata, ningekwambia uache "Thibitisha", hata kama ni refu. Usifupishe hadi kitufe kikaahidi jambo jengine.

Cha pili usikiite "Ghairi" peke yake. Najua kinavutia, herufi 6 sawasawa na "Cancel". Lakini kwenye ukurasa huo pia kuna mshale wa kurudi nyuma, na abiria hatajua kama anaghairi malipo, anaghairi safari, au anafunga dirisha. "Ghairi safari" inamaliza shaka kwa herufi 13.

Na hizo "Tafadhali" ulizozitia mbele ya vitufe vitatu, ziondoe. Najua adabu yetu, na najua mteja wako alikwambia kuwa "Lipa" peke yake inasikika kama mdai mlangoni. Adabu iwekwe kwenye sentensi ya maelezo iliyo juu ya kitufe, ambako ina nafasi ya kutosha. Kwenye kitufe, anayesema ni abiria, anaiagiza mashine.

Sasa hesabu tena. "Ghairi safari" ni pikseli 104 na `padding` 32, jumla 136. "Lipia tiketi" ni 96 na 32, jumla 128. Nafasi ya katikati ni 8. Jumla kuu 272. Simu ya upana wa pikseli 360, ukitoa kingo za ukurasa 16 na 16, inakuachia 328. Vimekaa, na nafasi imebaki.

Wengi huishia hapo, nao hukosea. Mzee anayesafiri Mkoani kwenda Malindi ya Unguja ameyakuza maandishi ya simu yake kwa asilimia 30. Maneno yanakuwa pikseli 135 na 125, na ukiongeza `padding` na nafasi ya katikati unapata 332. Umepitiliza kwa pikseli 4. Maneno mafupi yalikununulia nafasi, lakini hayakukupa muundo unaostahimili. Ndipo kinapoingia kisanduku:

```css
.safu {
  display: flex;
  flex-wrap: wrap;
  gap: 8px;
}
.kitufe {
  flex: 1 1 auto;
  min-width: 120px;
  min-height: 48px;
  padding: 8px 16px;
  line-height: 1.25;
  white-space: normal;
}
```

Kila mstari una kazi yake. `flex: 1 1 auto` inamwambia kivinjari aanze na upana ambao maneno yenyewe yanautaka, kisha nafasi iliyobaki avigawie vitufe. `flex-wrap: wrap` inamruhusu, pale vitufe viwili visipoenea ubavu kwa ubavu, akishushe kimoja chini ya mwenzake, na kila kimoja kitajaza upana wote. Kwa yule mzee wa Mkoani, vitufe vitapangana juu na chini, vikubwa na vinavyosomeka. Hatajua kama kulikuwa na tatizo. Na ikitokea kitufe kimoja ni kirefu kuliko ukurasa mzima, `white-space: normal` inayaruhusu maneno yashuke mstari wa pili, na `min-height` inakiacha kitufe kirefuke kwenda chini. Ukiacha `height: 40px` ya zamani, mstari wa pili utatokea chini ya kitufe, na utakuwa umehamisha tatizo kutoka ubavuni kwenda miguuni.

Tahadhari moja hapo. Kitu kilichomo ndani ya `display: flex` kwa kawaida hakikubali kuminywa chini ya upana wa neno lake refu kuliko yote, na huo ni ulinzi wa bure. Ukikiandikia `min-width: 0`, kama ulivyofanya kwenye vichupo vyako, umeuondoa ulinzi huo. Wengi huinakili mahali bila kujua inafanya nini. `min-width: 120px` pia inauondoa, lakini kwenye safu hii haidhuru, kwa sababu kitufe kikibaki peke yake kwenye mstari kina pikseli 328 nzima.

Mpaka hapa tumetibu vifungu virefu, yaani maneno kadhaa yanayoweza kukatika kwenye nafasi. Kiswahili kina urefu wa aina ya pili ambao dawa hiyo haiuponyi: neno moja lililobeba sentensi nzima. Kwenye orodha ya tiketi umeandika "Haijathibitishwa". Ni herufi 16 zisizo na nafasi hata moja. Ndani yake mna kikanushi, ngeli, wakati, kitenzi na utendwa, vyote vimeshikana. Kivinjari hakina pa kukata, na `white-space: normal` haina la kufanya.

Najua utakutana na ushauri wa `overflow-wrap: anywhere`. Inazuia neno kutoka nje, ndiyo, lakini inakata popote nafasi inapoishia. Nimeijaribu kwenye ukurasa wako, ikanipa "Haijathibitis" juu na "hwa" chini, imepita katikati ya "sh". Hakuna mtu wa Pemba wala Unguja anayesoma hivyo. Iweke kama ulinzi wa mwisho kwenye majina ya watu na barua pepe, ambazo huwezi kuzidhibiti. Kwenye maneno yako mwenyewe usiitegemee. Wala usitegemee `hyphens: auto`: hiyo hufanya kazi pale tu kivinjari kinapokuwa na kanuni za kukata maneno za lugha uliyoitaja kwenye `lang`, na kwa Kiswahili si jambo la kulijengea nyumba. Hata hivyo `lang="sw"` iandike kwenye ukurasa, maana umeiacha ikisema `en`, na programu zinazowasomea wasioona zinakisoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza.

Dawa ya kwanza ni kuuliza kama neno hilo linahitajika. Tiketi ambayo haijathibitishwa inasubiri nini? Inasubiri malipo. Basi "Inasubiri" ni herufi 9 na inamwambia abiria zaidi. Pale ambapo neno refu halina mbadala, tia kistari fiche, alama isiyoonekana mpaka neno litakapolazimika kukatika. Kwenye faili lako la tafsiri inaandikwa hivi:

```json
{
  "hali_tiketi": "Haija\u00ADthibitishwa"
}
```

Neno likienea, litaonekana zima. Lisipoenea, litakuwa "Haija-" juu na "thibitishwa" chini. Silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali, kwa hiyo kupata pa kukata ni rahisi kuliko Kiingereza: kata baada ya vokali, usitenganishe "sh", "th", "ny", "mb" wala "ng'", na ukiweza kata pale viambishi vya mbele vinapoishia na mzizi unapoanza. Kistari kimoja kwa neno kinatosha. Kasoro yake ni kwamba alama hiyo ipo kweli ndani ya maandishi. Kama programu yako inalinganisha "Haijathibitishwa" na kilichoko kwenye hifadhidata, hazitalingana, na utapoteza mchana mzima kutafuta kosa ambalo jicho halilioni. Iweke kwenye faili la maonesho tu, hali yenyewe iihifadhi kwa msimbo wake.

Sasa nije kwenye picha yako ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu hivi. Vichupo vitatu juu ya orodha vinasomeka "Tiketi zilizo…", "Tiketi zilizo…", na "Tiketi zilizo…". Nilicheka, kisha nikasikitika. Vilikuwa "Tiketi zilizolipiwa", "Tiketi zilizofutwa" na "Tiketi zilizotumika". Umeandika `text-overflow: ellipsis`, kama inavyofundishwa kila mahali, na kwa Kiingereza haina madhara makubwa. "Cancelled tickets" ikikatwa inabaki "Cancelled ti…", na mtu anaelewa, kwa sababu Kiingereza kinatanguliza sifa na nomino inafuata. Sisi tunaanza na nomino, kisha "zilizo", ndipo maana yenyewe inakuja mkiani. Nukta tatu hula mkia. Kwa hiyo kwenye Kiswahili zinafuta kile kile kinachotofautisha kichupo kimoja na chengine, na zinaacha kile ambacho vyote vinashirikiana.

Kwangu mimi, `ellipsis` haina nafasi kwenye kitufe wala menyu ya Kiswahili. Itumie kwenye habari ambayo mtu anaweza kuifungua akaisoma nzima, kama kichwa cha ujumbe. Kwa vichupo vyako, toa kile kinachojirudia, ukipandishe juu kiwe kichwa cha ukurasa: "Tiketi". Chini yake vichupo viwe "Zimelipiwa", "Zimefutwa", "Zimetumika". Pikseli 328 kwa tatu ni kama 109, ukitoa 8 kila upande zinabaki 93. Kwa fonti ya 14, herufi moja ni kama pikseli 7, unapata herufi 13. Lililo refu hapo lina 10. Na mtu akikuza maandishi kwa zile asilimia 30, herufi 10 zinafika pikseli 91. Zimeingia, kwa kubanana.

Lakini ukiiondoa nomino, ngeli yake inabaki, na hapo ndipo nilipoona kosa jengine ambalo hukuniuliza. Umetumia neno moja la "Paid" kila mahali, na umelitafsiri "Imelipiwa". Kwenye tiketi ni sawa. Kwenye jina la abiria inasema abiria "Imelipiwa". Kwenye mzigo ilipaswa kuwa "Umelipiwa". Tenganisha funguo: `tiketi.imelipiwa`, `abiria.amelipa`, `mzigo.umelipiwa`. Kiingereza hakikukulazimisha, ndiyo maana hukuliona.

Menyu ya chini itakuwa nyepesi sasa. Vitu vitano kwenye pikseli 360 ni 72 kila kimoja. Ukitoa 4 na 4 zinabaki 64, na kwa fonti ya 12 unapata herufi 10 hivi. Ulikuwa na "Ukurasa wa nyumbani" yenye 19, "Tiketi nilizokata" yenye 17, na "Ratiba ya safari" yenye 16. Haziingii kwa namna yoyote, na kwenye menyu ya chini sipendi mistari miwili kwa sababu inainua menyu nzima na kula ukurasa. Weka "Mwanzo", "Tiketi", "Ratiba", "Arifa", "Akaunti". Ikoni iliyo juu na ukurasa unaofunguka vitamalizia maelezo. "Wasifu wangu" nimeitoa si kwa urefu tu. Kwa watu wengi wasifu ni ile karatasi unayopeleka ukiomba kazi.

Ufupi usikupeleke mbali mno, lakini. Umeandika "Nywila" kwenye ukurasa wa kuingia, na ni fupi kweli, herufi 6. Abiria wengi ninaowajua wakiliona neno hilo watasimama. "Neno la siri" ina herufi 12 na wanaijua. Kwenye fomu nafasi ipo, ukiacha kuweka jina la kisanduku ubavuni mwake. Hicho ndicho kilichovunja fomu yako ya abiria: umetenga pikseli 100 upande wa kushoto kwa majina, halafu ukaweka "Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi", herufi 34, ikashuka mistari minne na kusukuma kila kitu. Hamisha majina yawe juu ya visanduku, na hapo upana wote wa ukurasa ni wako. Kisha andika "Nambari ya ZanID", kama wanavyosema wenyewe kaunta.

Limebaki moja, nalo ni la hatari kuliko yote kwa mtu anayekwenda kupanda boti. Safu ya saa kwenye ratiba ilikuwa "07:00", herufi 5. Kwa Kiswahili ni "saa 1:00 asubuhi", herufi 16. Umeiminya, na sasa inaonesha "saa 1:00" na nukta tatu, na haijulikani kama ni asubuhi au usiku. Ukiamua kukwepa kwa kuandika "7:00" tupu katikati ya ukurasa wa Kiswahili, kuna atakayeisoma saa saba mchana, afike bandarini boti ikiwa imeshafika Unguja. Hapa usifupishe. Panga mistari miwili: "saa 1:00" juu kwa herufi nzito, "asubuhi" chini kwa herufi za kawaida, na uizuie safu hiyo isikatwe kwa hali yoyote. Wala usidhani `Intl.DateTimeFormat('sw')` itakufanyia hesabu hiyo. Inabadilisha majina ya siku na miezi, lakini saa haizihamishi. Tumia `(saa + 6) % 12 || 12`, ambapo 7 inatoa 1, 13 inatoa 7, na 18 inatoa 12. Neno la wakati wa siku liandikie masharti yako mwenyewe.

Kujua kama umemaliza, usitegemee macho. Fungua kila ukurasa, punguza upana wa skrini hadi 360 kisha 320, na ubandike hii kwenye konsoli ya kivinjari:

```js
document.querySelectorAll('button, label, nav a, td')
  .forEach(e => {
    if (e.scrollWidth > e.clientWidth + 1 ||
        e.scrollHeight > e.clientHeight + 1) {
      e.style.outline = '2px solid red';
      console.log(e.textContent.trim());
    }
  });
```

Kila chenye maneno yaliyozidi kitazungushiwa mstari mwekundu, hata vile ambavyo nukta tatu zilikuwa zinavificha, kwa sababu `scrollWidth` inahesabu pia kilichofichwa. Haitaviona viungo vilivyomo katikati ya sentensi, na jina la fomu lililoachwa bila `display: block` nalo litapita, maana vitu vya namna hiyo kivinjari hakivihesabii upana. Hivyo vitazame mwenyewe. Fanya jaribio lile lile maandishi yakiwa yamekuzwa kwa asilimia 30. Na ukianza kazi nyengine kwa Kiingereza kabla tafsiri haijafika, kumbuka kwamba mwongozo wa IBM, ambao W3C wameunukuu, unashauri neno la Kiingereza lisilozidi herufi 10 litengewe mara mbili hadi tatu ya nafasi yake. Uliandikwa kwa kutazama lugha za Ulaya, lakini kwa vitufe vyetu vifupi si kipimo kibaya.

Kuna kitufe kimoja umekiacha kwa Kiingereza, "Reschedule". Naona kwenye faili uliandika "Panga upya tarehe ya safari", herufi 27, kisha ukaifuta. Usinifuate mimi katika hilo, wala kamusi. Kaa nusu saa kwenye kaunta ya mteja wako na usikilize abiria aliyechelewa anasemaje akifika dirishani. Nadhani utasikia "Badili siku". Ni herufi 11, moja tu zaidi ya Kiingereza.